Mota ya kinu na klampu mita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kupima kwa klampu mita, kifaa kinachozungushiwa waya kusoma ampea zake, mota za fezi tatu zinazozungusha vinu vya kusaga na kukoboa, kama zile zilizojaa Tabora mjini na kwenye masoko ya Nzega, Urambo na Sikonge. Mfano tutakaotumia kuanzia mwanzo hadi mwisho ni mota moja ya kilowati 15, ambayo mafundi wengi wanaiita mota ya farasi 20. Kibati chake kinasema volti 400, ampea 28.5, mizunguko 1460 kwa dakika, na inawashwa kwa sta-delta, yaani inaanza ikiwa imeunganishwa sta kisha inahamia delta. Mota yako ikiwa ndogo au kubwa, namba zitabadilika lakini njia ya kufikiri ni ile ile.

Nianzie wapi kabla hata ya kufungua boksi la kiwashio?

Anzia kwenye kibati cha mota. Futa unga na grisi, kisha andika ampea, volti na namna ya kuunganisha, yaani sta au delta. Bila ampea za kibati, namba yoyote utakayoisoma haina maana. Ampea 27 kwenye mota yetu ni kazi ya kawaida. Ampea hizo hizo kwenye mota ya kilowati 11, ambayo kibati chake kwa kawaida kinasema kati ya 21 na 22, ni balaa.

Kibati kikiwa na volti mbili, angalia kwa makini. Mota iliyoandikwa 400/690 imetengenezwa ifanye kazi kwa delta kwenye umeme wetu wa volti 400, na hiyo ndiyo inayofaa kuwashwa kwa sta-delta. Iliyoandikwa 230/400 inatakiwa ikae kwenye sta muda wote. Ukiifunga delta kwenye volti 400, itavuta ampea nyingi mno hata kabla mkanda haujafungwa, na itaungua mapema.

Kisha kumbuka kwamba boksi litakuwa wazi na lina umeme. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na mita iwe na alama ya CAT III 600 V au zaidi. Saa na pete vibaki mfukoni.

Klampu ifungwe kwenye waya upi?

Waya mmoja kwa wakati mmoja. Ukizungushia kebo nzima yenye fezi zote tatu, sumaku za fezi hizo zinafutana na mita itasoma sifuri au karibu na sifuri, hata kama mota inalia kwa mzigo. Waya upite katikati ya taya, na taya zifunge kabisa. Hapa kwenye vinu kuna tatizo ambalo vitabu havilisemi: unga unaganda kwenye nyuso za taya, taya hazigusani vizuri, na mita inasoma chini ya ukweli. Zifute kwa kitambaa kikavu kila mara.

Sasa kosa linalowapoteza watu wengi zaidi. Kwenye sta-delta, nyaya sita zinakwenda kwenye mota. Ukifunga klampu kwenye mojawapo ya hizo sita wakati mota iko kwenye delta, husomi ampea za laini bali za koili moja, ambazo ni 0.58 ya zile za laini. Mota yetu ikiwa na mzigo kamili, waya huo utasoma ampea 16.5. Mwenye kinu anaangalia kibati, anaona 28.5, anafurahi kwamba mota imepita nusu ya nguvu zake kidogo tu, kisha anaongeza mahindi. Kumbe ilikuwa imejaa tayari. Funga klampu kwenye nyaya tatu zinazoingia kwenye kiwashio ndipo ulinganishe na kibati. Ukilazimika kupima kwenye zile sita, zidisha kwa 1.73.

Nisome wakati gani?

Si wakati wa kuwasha. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita hadi nane ya ampea za kibati kwa sekunde chache, na hata kwa sta-delta namba inaruka. Subiri ihamie delta na kutulia.

Kinu kinataka kusomwa katika hali tatu, na ukizipata zote tatu umeshajua nusu ya ugonjwa. Kwanza, mikanda ikiwa imetolewa, mota ikizunguka peke yake. Kwa mota yetu tegemea ampea 10 hadi 13 hivi. Pili, mikanda imefungwa lakini hakuna mahindi. Hapo unasoma mota pamoja na nyundo, beringi za kinu na feni ya kupuliza unga. Tatu, kinu kikisaga kwa mwendo wa kawaida kwa dakika kumi au zaidi, mlango wa hopa ukiwa pale mwendeshaji anapouwekaga siku zote, si pale anapouweka akiona fundi amekuja.

Wakati wa kusaga namba inapanda na kushuka. Usichukue ile kubwa kabisa iliyotokea mara moja, wala ndogo. Angalia kwa dakika moja au mbili ujue inakaa wapi muda mwingi. Kitufe cha MAX kinasaidia kujua kilele, lakini kinachounguza koili ni ampea za muda mrefu.

Ampea za mota isiyo na mzigo mbona ni nyingi? Haijaharibika?

Hapana. Mota inahitaji umeme wa kujijengea sumaku hata isipofanya kazi yoyote. Kwa mota ya ukubwa wetu hiyo ni kama theluthi moja hadi asilimia 45 ya ampea za kibati, na kwa mota ndogo za chini ya kilowati moja inaweza kupita nusu. Ndiyo maana ampea 14 hazimaanishi kwamba mota imebeba nusu ya mzigo. Ukweli ni kwamba haijabeba karibu chochote. Klampu mita inasema kweli kuhusu mzigo pale tu mota inapokaribia kujaa. Chini ya nusu ya mzigo, usiitegemee sana.

Hiyo inasaidia pia kutambua kinyume chake. Kinu kinasaga, mahindi yapo kwenye hopa, lakini mita inasoma 14 tu: mikanda inateleza, au mahindi yameganda mlangoni na hayaingii.

Nitajuaje kwamba mota inazidiwa?

Ampea za fezi zote tatu zimelingana, na zote zimepita za kibati kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo sura ya kuzidiwa. Lakini usitoe hukumu kabla ya kupima volti kwa wakati ule ule, mota ikiwa kwenye mzigo. Twende na hesabu.

Kinu kinasaga, mita inasoma 34.0, 33.5 na 33.0. Wastani ni 33.5, yaani asilimia 117.5 ya kibati. Joto kwenye koili linakua kwa ampea zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo 1.175 mara 1.175 inatupa 1.38: koili zinapata joto la ziada la asilimia 38. Sasa pima volti kati ya fezi na fezi. Tuseme ni 372. Mota ikipungukiwa volti huku mzigo ukibaki ule ule, huvuta ampea zaidi ili kufidia. Zidisha 33.5 kwa 372, gawa kwa 400, unapata 31.2. Kwa maneno mengine, hata umeme ungekuwa kamili, mota hii ingekuwa na ampea 31.2, na bado imezidi. Sehemu ya tatizo ni umeme mdogo wa mwisho wa laini, na sehemu ni mzigo.

Wengine hapa wanasema, basi kwa kuwa volti ni ndogo, turuhusu ampea zaidi. Hatukubaliani. Koili haijui ampea zimetoka wapi. Inapata joto lile lile. Kama volti ni 372, punguza mlango wa hopa mpaka mita isome 28.5 au chini. Kinu kitasaga debe kwa muda mrefu zaidi, na hiyo ndiyo bei ya umeme mdogo.

Mzigo umezidi, lakini mahindi ni yale yale ya siku zote. Nini kimebadilika?

Rudi kwenye zile hali tatu. Kama ampea bila mkanda ni sawa na za zamani, lakini zenye mkanda bila mahindi zimepanda, tafuta beringi za kinu, mikanda iliyokazwa kupita kiasi, au puli. Puli ndiyo tunayoikuta mara nyingi: mtu ameweka puli kubwa zaidi kwenye mota ili kinu kiende kasi. Feni ya kupuliza unga haisamehi. Ukiongeza kasi yake kwa asilimia 10, nguvu inayohitaji inapanda kwa takriban theluthi moja, kabla hata punje moja haijasagwa.

Kama ampea zinapanda wakati wa kusaga tu, angalia chekeche na nyundo. Matundu yakiziba, au ukiweka chekeche ya matundu madogo kwa ajili ya unga laini, mahindi yanakaa ndani muda mrefu yakipigwa tena na tena. Nyundo zilizolika kona zinasugua badala ya kupasua. Kwa kawaida zinaweza kugeuzwa utumie kona nyingine kabla ya kununua mpya. Mahindi yenye unyevu nayo yanafanya yote mawili, yanaziba chekeche na yanakataa kupasuka. Mita ikipanda ghafla mteja mmoja anapomwaga gunia lake, shika punje uzing'ate.

Ampea zimezidi siku nzima na ovalodi haijaruka. Imekufa?

Inawezekana, lakini kwanza angalia iko wapi na imesetiwa ngapi. Kwenye viwashio vingi vya sta-delta, ovalodi, yaani kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa, imefungwa chini ya kontakta kuu, upande wa mota, na hapo inaona ampea za koili, si za laini. Mota yetu inataka isetiwe 16.5. Fundi akisoma kibati na kuizungusha mpaka 28, mota itaweza kuvuta hadi ampea 48 za laini bila ovalodi kushtuka. Hilo tumelikuta kwenye mota zilizoungua zaidi ya mara moja, na mwenye kinu huwa ameambiwa mota ilikuwa feki.

Hata ikiwa imesetiwa sawa, ovalodi si ya haraka kwa mzigo uliozidi kidogo. Kwa asilimia 5 ya ziada hairuhusiwi kuruka ndani ya saa mbili; kwa asilimia 20 ya ziada inatakiwa iruke ndani ya saa mbili. Kinu kinachozidiwa kwa asilimia 17 kwa saa moja, kikapumzika, kikaanza tena, kinaweza kuendelea hivyo kwa miezi.

Fezi zitofautiane kwa kiasi gani ndipo nianze kuwa na wasiwasi?

Jumlisha ampea tatu, gawa kwa tatu upate wastani, tafuta ile iliyo mbali zaidi na wastani, gawa tofauti hiyo kwa wastani, zidisha kwa mia. Mota ikiwa kwenye mzigo, chini ya asilimia 5 usijali. Kati ya 5 na 10 tafuta sababu. Ikipita 10, zima. Fanya hesabu hii kwenye mzigo, maana bila mzigo hata tofauti ndogo ya volti inaonekana kubwa sana kwenye ampea.

Volti ndizo zenye ukali. Tofauti ya volti ya asilimia 1 kati ya fezi inaweza kuleta tofauti ya ampea ya asilimia 6 hadi 10. Kwa hiyo mtu anayepima volti akaona 397, 393 na 389 anasema umeme uko vizuri, kumbe hiyo ndiyo asilimia 1 yenyewe.

Nitajuaje kama kosa liko kwenye umeme au kwenye mota?

Tuchukue namba hizo hizo. Kwenye milango ya kiwashio volti ni 397, 393 na 389. Ampea ni 29.6 fezi nyekundu, 27.5 njano na 25.3 bluu. Wastani 27.5, iliyo mbali zaidi ni bluu, na tofauti inatoka karibu asilimia 8. Mota haijazidiwa kwa wastani, lakini fezi nyekundu imeshapita kibati.

Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme. Hamisha nyaya zote tatu zinazoingia kwenye kiwashio hatua moja: nyekundu iende ilipokuwa njano, njano ilipokuwa bluu, bluu ilipokuwa nyekundu. Ukihamisha zote tatu kwa mzunguko huo mota itazunguka upande ule ule. Ukibadilisha mbili tu itageuka, na kinu kitazunguka kinyume. Washa, saga, soma tena.

Kama ampea ndogo imebaki kwenye waya wa bluu, hata sasa ukiwa umefungwa mahali pengine, kosa linatoka nyuma ya kiwashio: kwenye swichi kuu, fyuzi, kebo, au laini ya TANESCO. Kama imehamia waya mwingine, ikibaki kwenye mlango ule ule wa kiwashio, kosa liko kwenye kiwashio au mota.

Kwenye mfano wetu imebaki bluu. Sasa weka mita kwenye volti, mota ikisaga, mguso mmoja juu ya swichi kuu na mwingine chini yake, kwenye fezi ile ile. Nyekundu inasoma 0.1, njano 0.1, bluu inasoma 6. Volti 6 zikipita ampea 25 ni wati 150 za joto mahali padogo kama kidole cha mkono, na plastiki ya swichi hapo itakuwa imeshabadilika rangi. Fyuzi imelegea kwenye klipu zake au kisu cha swichi kimeungua. Badilisha sehemu hiyo. Kuipiga msasa kunakupa wiki chache tu. Ukisoma tena baada ya hapo, fezi zote ziwe ndani ya ampea moja hivi.

Ikiwa swichi zote ni safi na volti zimetofautiana tayari kwenye mita ya TANESCO, andika namba na saa ulizopima kisha uwapelekee. Pima pia jioni, maana nyumba za fezi moja zikiwasha taa na televisheni sura inaweza kubadilika kabisa.

Fezi moja inasoma kubwa, mbili ndogo na zinalingana. Hiyo ni nini?

Gawa kubwa kwa ndogo. Ikikaribia 1.73, koili moja ya delta haifanyi kazi. Mara nyingi si koili yenyewe bali mguu mmoja wa kontakta ya delta ulioungua, au waya mmoja kati ya sita uliolegea. Pitisha klampu kwenye nyaya sita moja moja. Utakaosoma sifuri ndio wenye neno.

Fezi moja ikisoma sifuri kabisa na mbili zimepanda mno, fezi imekatika. Zima hapo hapo. Mota iliyokuwa inazunguka inaweza kuendelea kuzunguka kwa fezi mbili, ikivuma vibaya, lakini ukiizima haitawaka tena.

Mota imetoka kuwaindiwa. Nipime nini kabla ya kuipokea?

Ampea bila mkanda, fezi zote tatu, kwa volti kamili, na ufanye hivyo mbele ya fundi aliyeiwaindi. Kama mota yetu inasoma 18 au 20 bila mzigo, mizunguko ya waya ni michache kuliko ya asili, au chuma cha ndani kiliharibiwa na moto wakati wa kuchoma koili za zamani. Mota kama hiyo itasaga, lakini itachemka hata mzigo ukiwa mdogo. Ikisoma 11, 11.3 na 10.8, ichukue. Andika namba hizo kwa rangi ndani ya mlango wa boksi. Mwaka ujao utazihitaji.

Joto la Tabora linabadilisha chochote?

Kidogo. Ampea za kibati zimehesabiwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1000 kutoka usawa wa bahari. Tabora iko kama mita 1200, hewa ni nyepesi kidogo, lakini hasara hiyo peke yake ni ndogo mno kuihangaikia. Kigoma, kule ziwani, iko chini ya mita 1000, kwa hiyo wenzetu wa mashine za mawese hawana hesabu hiyo. Shida ya kweli ni chumba cha kinu chenye bati bila dari mwezi wa kumi, na pezi za mota zilizofunikwa unga. Hapo ampea 28 zinaweza kuchemsha mota ambayo klampu mita inasema ni nzima. Puliza pezi, fungua dirisha, kisha bakiza asilimia 5 hadi 10 chini ya kibati miezi ya joto.

Klampu mita ya bei ndogo inatosha?

Kwa kulinganisha fezi na fezi, ndiyo, mradi unatumia mita ile ile kwa zote tatu. Nyingi zina kosa la asilimia 2 na kidogo juu yake, kwa hiyo usigombane na tofauti ya nusu ampea. Kama kinu kinaendeshwa kwa kidhibiti kasi cha kielektroniki, nunua yenye maandishi ya TRUE RMS, nyingine zitakudanganya.

Ampea ni nzuri, zimelingana, volti nzuri. Mota ni nzima?

Kwa upande wa mzigo na umeme, ndiyo. Beringi inayoanza kulia haionekani kwenye ampea mpaka imeshakufa, hiyo sikiliza kwa sikio. Insuleshini ya koili pia haionekani. Hiyo inapimwa kwa mega ya volti 500, mota ikiwa imezimwa na nyaya zimetolewa, na isome juu ya megaomu 1.

Kuna jaribio moja ambalo klampu mita inaweza kulifanya. Zungushia nyaya zote tatu zinazoingia kwenye kiwashio kwa pamoja, mota ikisaga. Tulisema zitafutana na kusoma sifuri. Zikisoma nusu ampea badala ya sifuri, na ukizungushia tena taya zikiwa safi bado nusu ampea, umeme huo unarudi kwa njia nyingine, yaani kupitia mwili wa mota kwenda ardhini. Zima, pima mega, na mtu yeyote asiguse kinu mpaka uhakikishe waya wa ethi umefungwa.